Sauti ya Tano

Jumanne, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tatu, saa kumi na dakika ishirini na mbili alasiri, meneja wa jumba la sinema aliwasha taa zote za ukumbi na kuukata muziki kama mtu anayekata mkia wa mjusi. Naijua dakika hiyo kwa sababu nilitazama saa yangu. Nilitazama saa badala ya kumtazama mke wangu, na hilo nitalifikia. Kwanza nimalizane na meneja.

Tulikuwa watu sita humo ndani. Wanne walinyanyuka mara tu majina yalipoanza kupanda kwenye pazia, wakakanyaga bisi zao wenyewe na kutoka. Tukabaki wawili, safu ya tano, viti vya katikati kabisa, mahali ambapo sauti za spika za mbele na za ubavuni hukutana. Mke wangu miguu ilikuwa imemvimba, moyo ulishaanza kumchoka, na ngazi za jumba lile alizipanda kwa vituo viwili. Hakuzipanda kwa ajili ya picha. Alizipanda kwa ajili ya dakika zile ambazo wenzetu huziita mwisho na kuzipa kisogo.

"Bado," alimwambia meneja.

"Mama, filamu imekwisha."

"Iliyokwisha ni picha, mwanangu. Muziki bado."

"Watu wa usafi wanasubiri. Maonyesho mengine yanaanza baada ya dakika ishirini." Mkononi alishika kile kibao cha kioo anachoendeshea mitambo, kidole kimoja juu yake. Kidole kile! Kijana hajawahi kushika kitu kizito kuliko kikombe cha chai, lakini amepewa uwezo wa kunyamazisha watu themanini wanaopiga fidla kwa pamoja.

Nieleze, maana najua msomaji ataniona nimerukwa na akili, mtu mzima kulilia kipande cha muziki.

Mimi ni fundi wa mabomba. Shule niliiacha darasa la nne, si kwa kupenda. Kusoma najua, ila nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, jiwe moja moja. Mke wangu alikuwa mshonaji, naye aliishia la tatu. Miaka ishirini iliyopita nilizibua vyoo vya jumba lile la sinema, na mwenye jumba wa zamani, aliyekuwa mtu wa watu, akanipa tiketi mbili juu ya malipo yangu. Tukaingia tumevaa nguo za kutokea. Filamu ikaanza, watu wanaongea lugha ya mbali, na tafsiri inakimbia chini ya picha kama panya ukutani. Ninapomaliza neno la tatu, mstari umeshaondoka. Nikamtazama mke wangu nikidhani amekasirika. Alikuwa amefumba macho.

"Fumba na wewe," alininong'oneza. "Muziki unasema yote. Huyu mwanamume anamdanganya mkewe."

"Umejuaje?"

"Kila akiongea, zile fidla nzito zinasita. Akinyamaza zinatulia."

Na kweli, nusu saa baadaye uongo ulifichuka.

Tangu hapo tukawa na utaratibu wetu. Wenzetu huchagua filamu kwa waigizaji, au kwa risasi na mapenzi. Sisi tulichagua kwa mtunzi wa muziki. Filamu ile ya kwanza ilipokwisha tulibaki vitini mpaka nikaliona jina lake, na kwa kuwa halikungoja nilisome, nilikariri umbo lake: linaanza kwa herufi ndefu kama mlingoti, katikati lina macho mawili ya duara, linaishia kwa mkia. Ikiletwa karatasi mpya ya matangazo, nilisimama ubaoni nikapitisha kidole kwenye yale maandishi madogo ya chini, nikitafuta mlingoti, macho na mkia. Mke wangu alimpa jina lake mwenyewe: Mshonaji.

"Kwa sababu mshono wake hauonekani," alisema. "Unajikuta unalia, hujui uzi umekuingia saa ngapi."

Tukamfuata Mshonaji kokote alikokwenda. Tuliona filamu ya kivita ambamo kwa dakika arubaini za kwanza hakuna muziki hata punje, ni buti na upepo tu, na mke wangu akanibana mkono: "Anatunyima makusudi. Akitupa tutaanguka." Alipotupa, ilikuwa sauti moja tu ya klarineti, nayo ilitosha kuniangusha. Tuliona katuni ya watoto, sisi wazee wawili katikati ya vilio na peremende. Tuliona vichekesho vibovu mno, nikasema, "Leo amekula hasara," mke wangu akanijibu, "Mshonaji mzuri hata gunia akilishona utalivaa."

Kuna mara moja nilimpeleka kwenye filamu ya mazombi. Jina nililiona mwenyewe kwenye karatasi, mlingoti, macho mawili, mkia. Dakika kumi hazikupita, ngoma zinapigwa kama mtu anayebomoa ukuta, mke wangu akanigeukia.

"Mkono huu si wake."

"Jina nimeliona."

"Basi mwenye jina kafa."

Tulivumilia mpaka mwisho, maana tiketi ni tiketi. Kumbe lile lilikuwa jina la mtoa fedha, herufi zimefanana kama mapacha. Alinicheka wiki nzima. Akiona tu mtu mwenye miwani anasema, "Yule pale, mtunzi wako, ana macho mawili."

Katika filamu ya tatu ndipo alipougundua uzi. Ilikuwa filamu ya polisi. Mpelelezi anaingia kwa kinyozi, na redio ya kinyozi inacheza wimbo mwembamba wa kodiani. Si muziki wa filamu ule unaosikiwa na sisi tu. Ni muziki wa humo humo ndani, hata mpelelezi mwenyewe anausikia. Mke wangu akanifinya paja.

"Ule wa kwanza! Wa yule mwongo!"

Sauti nne tu. Ya kwanza iko chini, ya pili inaruka juu, ya tatu inashuka nusu ya njia, ya nne inapanda kidogo na kusimama, kama mtu aliyefika mlangoni na mkono umeshagusa komeo. Sikio lako linaitaka ya tano, ile ya kuingia ndani na kuketi. Haiji. Mshonaji anakata hapo, anaingiza kitu kingine. Alizificha sauti nne hizo ndani ya kila filamu aliyoigusa. Kwenye ile ya vita zilipigwa na tarumbeta zilizozibwa midomo. Kwenye katuni, bata alizipiga mluzi. Kwenye vichekesho zilikwenda mbio mpaka zikawa kama utani. Kila mahali ni nne, ya tano hakuna.

"Ameacha uzi unaning'inia," mke wangu alisema. "Mshonaji haachi uzi hivyo bila sababu. Iko nguo moja atakayoifungia fundo. Na mimi nataka kuwepo."

Filamu kumi na moja tulizifuata. Ile ya Jumanne ilikuwa ya kumi na mbili. Tulishaambiwa na wakubwa wa hospitali kwamba mashine ya kupima moyo imeharibika tangu mwaka jana na barua imeandikwa. Barua! Nimefunga mabomba ya hospitali ile, nawajua. Ofisi ya mkubwa ina maji ya moto, wodi ina ndoo. Mke wangu hakugombana na mtu. Alisema tu, "Nipeleke nikamsikilize mwenzangu."

Filamu nzima Mshonaji hakuzitoa zile sauti hata mara moja. Nilifikiri amezisahau. Picha ikafungwa, majina yakaanza kupanda, wale wanne wakatoka, na hapo ndipo zilipoingia, okestra nzima, polepole, kama watu wanaorudi kutoka mbali. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mke wangu alishika mikono yote miwili ya kiti. Zikarudiwa kwa kinanda peke yake, zikaongezwa fidla, zikajengwa ngazi kwa ngazi, na hata mimi nisiyejua kitu nilijua kwamba safari hii anakwenda kufunga. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne...

Taa. Kimya. Meneja.

"Bado," mke wangu alisema, kama nilivyowaeleza. Na sasa nimefika pale nilipokuwa napakwepa. Meneja aliposema watu wa usafi wanasubiri, mimi nilitazama saa, nikaokota koti la mke wangu, nikamshika kiwiko. Nikasema, "Twende, mama, wasije wakatufukuza."

Alinyanyuka kwa sababu nilimnyanyua. Kwenye ngazi, kituo cha kwanza, alipumzika akiwa ameegemea ukuta, akauliza, "Unadhani imeingia ndani?" Nikasema sijui, tutarudi kesho. Kesho yake hakuweza kuvaa viatu. Siku ya kumi na tisa tangu Jumanne ile alifariki.

Wiki moja baada ya mazishi nilikwenda kumkabili meneja. Alikuwa ofisini, feni inampepea.

"Iwashe tena," nilimwambia. "Dakika sita tu za mwisho. Nitalipa ukumbi mzima."

"Haiwezekani, mzee. Filamu imeshaondoka."

"Imekwenda wapi? Si iko ndani ya kompyuta yako?"

"Hata ikiwemo haifunguki." Akanieleza kwa sauti ya kumwelekeza mtoto. Siku hizi filamu huletwa ndani ya kisanduku na kumiminwa kwenye mtambo, lakini imefungwa. Ufunguo wake si wa chuma, ni maandishi yanayotumwa na wenye filamu, na una siku ya kuanza na siku ya kufa. Wa filamu ile ulikufa siku ya pili yake, Jumatano. "Subiri itatoka, utaiangalia nyumbani kwa raha zako."

"Mke wangu atasubiri?"

Akatazama meza. "Pole, mzee. Mimi nafuata ratiba. Ratiba inatoka makao makuu."

Kila siku makao makuu! Hospitali makao makuu, sinema makao makuu. Sijawahi kukutana na mtu aliyezaliwa huko, lakini ndiko yanakotoka maamuzi yote yanayotuvunja. Nilimwambia, "Basi na mabomba yako yazibuliwe na makao makuu," nikatoka. Tangu siku ile choo cha wanaume kinavuja. Amenipigia simu mara tatu. Mara zote nimeiacha ilie.

Binti yetu, anayeuza simu dukani, alinitafutia albamu ya muziki wa filamu ile. Aliniwekea kwenye simu, akanipa na vile vidude vya masikioni. Vipande vya muziki ishirini na viwili. Nilivisikiliza chumbani kwa mama yake, mbele ya cherehani iliyofunikwa kitambaa. Kipande cha kwanza hakikuwa cha mwanzo wa filamu, kilikuwa cha katikati. Cha tisa sikuwahi kukisikia kabisa. Na kwenye cha mwisho alikuwemo binti mmoja anaimba mapenzi.

"Huyu ametoka wapi?" nilifoka. "Hakuwemo!"

"Baba, albamu si filamu. Wanapanga upya ili isikilizike yenyewe. Mengine wanayaacha, mengine walirekodi yakakatwa kwenye filamu, wanayarudisha huku. Halafu wanabandika wimbo wa msanii ili iuzike."

"Na ule wa majina?"

"Sikiliza cha ishirini na moja."

Nikasikiliza. Ulikuwemo. Kinanda, fidla, ngazi kwa ngazi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pale penyewe pa ya nne sauti ikaanza kufifia. Mtu fulani kwenye mashine yake aliishusha taratibu mpaka ikawa kama redio ya jirani, kisha ikawa hakuna. Niliongeza sauti mpaka masikio yakauma. Hakuna. Meneja alikata kwa panga, hawa wamekaba kwa mto.

"Na filamu yenyewe?" nilimuuliza. "Huko kwenye mitandao mnakoangalia?"

"Haipo, baba. Nimesoma kwamba kampuni mbili zinagombania haki zake. Mpaka waelewane, haionyeshwi popote."

"Wakubwa wawili wanagombana, mimi ndiye nyasi."

"Baba." Alikaa kwenye kiti cha mama yake, cha kushonea. "Ukiipata hiyo sauti, utafanya nini?"

"Nitajua."

"Halafu?"

Wana tabia hiyo, watoto waliosoma, ya kukuuliza swali na kusubiri jibu.

Mwaka ulipita. Nilikwenda kazini, nilifunga mabomba, niligombana na kila mwenye ofisi aliyenipa sababu na baadhi ya wasionipa. Kisha siku moja, nikipita mbele ya jumba lile kwa upande wa pili wa barabara kama nilivyojizoesha, jicho likaangukia ubaoni. Karatasi mpya. Nilivuka. Nilipitisha kidole. Mlingoti, macho mawili, mkia. Safari hii nilisoma jina lote, herufi kwa herufi, ili nisije nikampeleka mke wangu kwenye mazombi. Nikasoma na neno la mbele yake. Lilisema muziki.

Nilikwenda siku ya kwanza, maonyesho ya mchana. Safu ya tano, katikati, na kiti cha pembeni yangu nilikiwekea koti la mke wangu. Ilikuwa filamu ya mpishi na kaka yake, mambo ya urithi, sikuielewa sana na sikujali. Nilifumba macho. Kaka alikuwa mwongo. Fidla nzito zilisita.

Majina yakaanza kupanda. Watu wakatoka. Dada wa usafi akaingia na fagio lake na mfuko mweusi, akaanza safu ya nyuma. Mlangoni akasimama meneja, kibao mkononi. Aliniona, akatembea mpaka nilipo. Taa zilikuwa nusu.

"Mzee, karibu. Siku nyingi." Akasubiri. "Filamu imekwisha."

"Bado."

"Ratiba yangu unaijua."

"Na mimi unanijua. Nimezibua taka zako miaka ishirini. Leo nitanyanyuliwa na polisi, na wakija uwaambie wanibebe na kiti."

"Mzee, umeninyima choo, sasa unataka kuninyima na ukumbi?" Alijaribu kucheka. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Nilikitazama kidole kile na nikahisi damu imenipanda mpaka kwenye meno. Nilijua pia, na sikupenda kujua, kwamba kidole hicho siku ile kilisita. Mke wangu aliposema bado, kilisita juu ya kioo, kama kinachotaka kuurudisha muziki. Kiliondoka nilipookota koti.

"Sikiliza," nilisema, na sauti haikutoka kama nilivyoipanga. "Dakika zile ulizokata, mke wangu alizipandia ngazi."

Aliangalia koti kwenye kiti. Na hapo ndipo zilipoingia.

Safari hii gita moja tu, nyuzi zinaguswa kama mtu anayejaribu kama bado zipo. Ya kwanza. Ya pili. Dada wa usafi aliacha kufagia.

"Meneja, ebu ngoja," alisema kutoka nyuma. "Nitafagia haraka, Mungu shahidi. Huu muziki mzuri."

Meneja alisimama tu, na kidole chake, sikukiamini, nilikikodolea macho muda wote, kikatoka juu ya kioo na kuingia mfukoni. Gita likazunguka, likarudi. Fidla zikaja chini yake, laini, kama maji yanayopanda kwenye bomba usiloliona. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Majina yalipanda, mamia ya majina, washona nguo, waendesha magari, wapika chai, watu ambao hakuna anayekaa kuwasoma. Nilishika mikono yote miwili ya kiti. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Ikasimama mlangoni. Ikashikiliwa, muda mrefu kuliko pumzi yangu. Kisha gita likanyamaza, pazia likawa jeusi, na hapakuwa na kitu tena, ni feni tu za ukumbi.

Sikuweza kugeuka. Kama Mshonaji alikwisha kufunga fundo kwenye ile ya kumi na mbili, kwa nini leo amelifungua tena? Na kama hakulifunga, basi meneja alikata nini, na mimi kwa mwaka mzima nimemchukia kwa kuiba kitu gani?

Nikasikia hatua. Dada wa usafi alikuwa amekuja mpaka safu yetu, fagio kifuani. Alimtazama meneja, akanitazama mimi, akalitazama koti.

"Jamani," alisema, "mbona huyu wa gita ameiachia hapo? Sasa inaishia wapi?"

Meneja alifungua mdomo. Nilimsubiri.